Goti Moja Likiwaka Moto, Jibu Limo Ndani ya Goti

Yapo maumivu ya viungo yanayoweza kusubiri tarehe ya kliniki. Magoti yote mawili yanayolalamika ukipanda ngazi, vidole vinavyokakamaa kila asubuhi kwa miezi, mgongo wa mzee aliyebeba mizigo ujana wake wote: hayo yanahitaji tiba, lakini hakuna haja ya kukimbia. Makala hii inahusu jambo jingine. Inahusu kiungo kimoja tu, liwe goti, kifundo cha mguu, kiwiko au kifundo cha mkono, ambacho juzi kilikuwa kizima na leo kimejaa. Ukiweka mgongo wa mkono juu yake, kisha kwenye mwenzake, unasikia tofauti ya joto. Mwenyewe hataki hata shuka limguse, na ukijaribu kukikunja kidogo anapiga kelele.

Kiungo cha namna hiyo kihesabiwe kina usaha mpaka maji yaliyomo ndani yake yaonyeshe vinginevyo. Hiyo ndiyo kanuni wanayofundishwa madaktari duniani kote, na ndiyo ambayo sisi wa mjini tunaivunja kila wiki.

Tunaivunja kwa sababu safari ya mgonjwa wetu inajulikana. Kuanzia Mapipa hadi Mwembechai hukosi duka la dawa kila baada ya nyumba chache. Mtu anaamka na goti limevimba, anapita dukani, anapewa diklopa, anaongezewa na azuma "ya kuua vijidudu". Jirani anamwambia hiyo ni gauti, aache nyama. Siku ya tatu anapelekwa maabara ya mtaani kupima yuriki asidi, karatasi inatoka na mshale unaoelekea juu, na hapo kila mtu nyumbani anapumua: ugonjwa umepatikana. Akija kufika hospitali, wiki inakaribia kwisha.

Mara nyingi jirani anakuwa sahihi. Ni kweli gauti. Shida ni zile mara ambazo siyo, maana magonjwa haya mawili yanafanana usoni na yanatofautiana vibaya kwenye gharama ya kuchelewa.

Gauti, au jongo, inatokana na yuriki asidi, taka inayobaki mwili unapovunjavunja seli zake wenyewe na baadhi ya vyakula. Figo ndizo zinazoitoa. Ikizidi katika damu kiasi cha miligramu 6.8 hivi kwa desilita, haiwezi kuyeyuka yote, na taratibu, kwa miaka, huganda kwenye viungo kuwa fuwele nyembamba zenye ncha pande zote mbili. Fuwele hizo zinaweza kukaa kimya muda mrefu. Siku zikichokozwa, na bia, au na homa, au na kuumia, au na upasuaji, chembe nyeupe za damu huzivamia kuzimeza, na vita hiyo ndiyo uvimbe na moto unaousikia. Shambulio la gauti linatesa kweli, lakini hata usipolitibu huwa linazimika lenyewe ndani ya wiki moja au mbili.

Usaha ndani ya kiungo hauzimiki wenyewe. Bakteria, mara nyingi wale waitwao stafilokoka wanaokaa hata kwenye ngozi ya mtu mzima wa afya, huingia kwenye damu kupitia kidonda, jipu au sindano chafu, na kutua kwenye kiungo. Utando unaozunguka kiungo hauna kizuizi cha maana dhidi yao. Wakishaingia, mapambano hayo hayo ya chembe nyeupe yanamwaga vimeng'enya vinavyolila gegedu, yaani ile ngozi laini nyeupe inayofunika ncha za mifupa. Gegedu halina mishipa ya damu, na likishaliwa halioti tena kama lilivyokuwa. Uharibifu huanza ndani ya siku chache. Anayepona baada ya kuchelewa anaweza kubaki na goti lisilokunjika maisha yake yote, na wapo wasiopona: hata katika nchi zenye hospitali nzuri, takribani mtu mzima mmoja kati ya kumi wenye ugonjwa huu hufariki, kwa sababu bakteria hawakai kwenye goti peke yake.

Msomaji ataniuliza, si homa itatutofautishia? Haitatutofautishia. Karibu nusu ya watu wazima wenye usaha kwenye kiungo hawana homa wanapofika hospitali, na gauti kali nayo inaweza kumpandisha mtu joto. Picha ya eksirei katika siku za mwanzo huonyesha uvimbe tu. Vipimo vya damu vinavyoonyesha kuna moto mwilini hupanda katika magonjwa yote mawili. Wala usipoteze pesa kwa kipimo cha taifodi, ambacho hapa mjini hakikosi la kumwambia mtu yeyote.

Tuchukue mfano. Nimeutunga mwenyewe, ila kila kipande chake ni cha kawaida kwa daktari anayefanya kazi Dar es Salaam. Mzee wa miaka 56 anauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na anakaa Magomeni Mikumi. Ana presha, na miongoni mwa vidonge vyake kimo haidroklorothiazaidi, kile cha kumfanya akojoe. Ana sukari kwa miaka sita. Miaka miwili iliyopita kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilivimba usiku wa manane, kikawa chekundu, akatembea na kandambili wiki nzima, kikapona. Sasa Jumatano amevaa viatu vipya, vikamtoa lengelenge kisiginoni, likapasuka. Hakulijali. Jumamosi usiku goti la kulia likaanza kuuma, Jumapili asubuhi limejaa hadi kifupa cha mbele hakionekani. Mchana huo bintiye akampeleka maabara, yuriki asidi ikatoka 8.1. Bahati yake moja: duka walilolizoea lilikuwa limefungwa, kwa hiyo hajameza antibayotiki yoyote. Jumatatu saa moja asubuhi yuko hospitali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Karatasi yangu hiyo hapo. Gauti imenirudia, niandikie tu dawa niwahi dukani."

"Nimeiona, mzee wangu. Hii imeniambia habari za damu yako. Habari za goti bado hatujaliuliza lenyewe. Naomba nitoe maji kidogo tuyapime, kabla sijakuandikia chochote."

Mzee akatazama pembeni. "Wanasema ukishanyonywa maji ya goti mara moja, utanyonywa mpaka uzeeni."

Nianze na karatasi, kisha nitakuja kwenye hofu yake. Kipimo cha yuriki asidi kinasema kiasi cha yuriki asidi kilichomo kwenye damu siku hiyo, basi. Watu wengi wana kiwango cha juu na hawataugua gauti hata siku moja. Mtu wa namna hiyo akipata usaha kwenye goti, karatasi bado itakuwa na mshale unaoelekea juu, nao utamdanganya yeye na daktari wake. Kinyume chake pia hutokea: katikati ya shambulio la kweli la gauti, kiwango cha damu kinaweza kushuka na kuonekana cha kawaida, na si kwa wagonjwa wachache, kwa sababu mwili ulio kwenye moto huo hutoa yuriki asidi nyingi zaidi kwa mkojo. Ndiyo maana kipimo hiki, kama kinahitajika, hurudiwa angalau wiki mbili baada ya uvimbe kwisha.

Kuiamini damu kuliko kiungo ni mazoea ya zamani. Mwaka 1848 daktari wa London, Alfred Garrod, alionyesha kwamba wagonjwa wa gauti wana yuriki asidi nyingi kwenye damu, na tangu hapo damu ikawa ndiyo shahidi. Miaka zaidi ya 100 ilipita hadi mwaka 1961, Daniel McCarty na Joseph Hollander kule Philadelphia walipochukua maji ya magoti yenye gauti, wakayaweka chini ya hadubini ya mwanga uliochujwa, wakaziona fuwele zenyewe. Tangu mwaka huo shahidi halisi anajulikana, naye anakaa ndani ya kiungo.

Sasa hofu ya mzee. Kutoa maji hakuliharibu goti wala hakulifundishi kutengeneza maji. Maji yanarudi kwa sababu kilichoyaleta hakijatibiwa. Mtu aliyenyonywa mara nne bila mtu yeyote kuyapeleka maabara ana haki ya kulalamika, lakini malalamiko yake yaelekezwe mahali pake: alinyonywa bila kupimwa. Hatari ya kuingiza vijidudu kwa sindano safi katika mikono safi ni ndogo sana, huhesabiwa kuwa chini ya mmoja kati ya watu maelfu kadhaa. Pale ambapo daktari atasita kweli ni ngozi ya juu ya kiungo ikiwa na jipu au maambukizi, maana sindano ingepita humo na kuyaingiza ndani. Na goti la bandia, ambalo huachiwa mtaalamu wa mifupa chumba cha upasuaji. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema, ingawa kwa kawaida hazizuii kazi hii kufanyika.

Kazi yenyewe haifiki nusu saa. Mgonjwa analala chali, taulo lililokunjwa linawekwa chini ya goti ili misuli ya paja ilegee. Mguu uliokazwa kwa woga ndio unaofanya sindano iume. Daktari anapapasa ukingo wa juu wa kile kifupa cha mbele, upande wa nje, na kutia alama mahali pa kuingilia kwa kukandamiza kofia ya kalamu. Anasafisha kwa ayodini au dawa nyingine ya kuua vijidudu, kisha anasubiri ikauke. Kusubiri huko wengi hukuruka, na kumbe ni wakati wa kukauka ndipo dawa inapofanya kazi. Anachoma ganzi ya ngozi. Halafu sindano nene kidogo inaingia chini ya kifupa huku bomba likivutwa taratibu, na goti lililojaa kweli huwa linatoa maji kabla mgonjwa hajamaliza kuvuta pumzi. Ukisikia unafuu hapo hapo, si mawazo yako. Goti zima huwa na maji yasiyofika kijiko kimoja cha chai. La mzee wetu lilitoa mililita 35.

Macho ndiyo kipimo cha kwanza. Maji ya goti lenye afya ni ya rangi ya majani makavu, angavu, na yanavutika: tone likidondoka kutoka kwenye sindano huacha uzi mrefu. Ya mzee yalikuwa ya njano iliyochanganyika na ukijani, mazito kwa ukungu, na daktari alipoinua bomba mbele ya gazeti hakuweza kusoma kichwa cha habari kupitia humo. Hiyo inasema kuna chembe nyeupe nyingi. Haisemi bado zimekuja kwa sababu ya fuwele au bakteria, na hapa ndipo kazi nzuri mara nyingi huharibika, kwa sababu maji yote hutiwa kwenye chupa moja iliyokuwa karibu na kuandikiwa "vipimo".

Maji yagawanywe. Kiasi kidogo kiingie kwenye kichupa chenye kizibo cha zambarau, kile kile cha kupimia wingi wa damu, ili yasigande na chembe ziweze kuhesabika. Kiasi kingine kiingie kwenye chombo kisichokuwa na kijidudu chochote, au moja kwa moja kwenye chupa ya kuoteshea damu, kwa ajili ya kuotesha bakteria. Tone moja liwekwe kwenye kioo likiwa bichi kwa ajili ya fuwele. Kama maabara ya hapo haifanyi mojawapo, na ndugu wakapewa chupa wapeleke kwingine, waende moja kwa moja. Wasipitie nyumbani, wasiiweke kwenye friji ya soda. Chembe nyeupe huanza kuvunjika ndani ya saa chache, na bakteria wengine hawavumilii baridi.

Maabara wanatafuta mambo manne, na ningependa kila mwenye goti ayajue, kwa sababu fomu ikirudi na moja tu, mengine matatu yanaweza kudaiwa.

La kwanza ni idadi ya chembe nyeupe. Goti zima lina chini ya 200 kwa kila maikrolita. Zikipita 50,000 shaka ya usaha inakuwa kubwa, na zikipita 100,000 daktari hatakiwi kusubiri kitu kingine. Chini ya 50,000 hakuna uhakika: gauti hukaa humo mara nyingi, lakini usaha wa siku ya kwanza unaweza kuwa humo, na hata wa mtu ambaye kinga yake imeshuka. La pili ni fuwele. Hadubini yenye vichujio vya mwanga ndiyo bora, kwa sababu fuwele za gauti hung'aa humo na hubadili rangi, njano zikilala upande mmoja na bluu zikigeuzwa. Vichujio hivyo vinaweza kufungwa hata kwenye hadubini ya kawaida, na fundi wa maabara mwenye jicho zuri anaweza kuziona zile sindano bila vichujio, hasa zikiwa zimemezwa ndani ya chembe nyeupe. La tatu ni kupaka maji rangi ya Gram na kuangalia kama bakteria wanaonekana. Wakionekana habari imeisha, wasipoonekana haijaisha, maana rangi hiyo huwakosa kwa nusu ya wagonjwa au zaidi. La nne ni kuotesha, ambalo huchukua siku.

Majibu ya mzee wa vitenge yalirudi kabla ya adhuhuri. Chembe nyeupe 78,000. Fuwele za gauti: zimeonekana.

Daktari asiye makini angeishia kwenye mstari huo wa pili. Fuwele zimeonekana, gauti imethibitishwa, mgonjwa apewe prednisoloni aende zake. Lakini mtu mwenye gauti ya miaka anaweza kuwa na fuwele kwenye goti wakati wowote, na goti lililokwisha kuumizwa na gauti ni kiota kizuri kwa bakteria. Kuwepo kwa fuwele hakufuti kuwepo kwa usaha. Si jambo la kila siku, lakini mtu mwenye sukari, kidonda kisiginoni na chembe 78,000 ndiye hasa wa kumfikiria hivyo. Kwenye rangi ya Gram vilionekana vijidudu vya mviringo vimejikusanya kama vichala vya zabibu. Siku ya pili kuotesha kukathibitisha stafilokoka. Walikuwa wametoka kwenye lengelenge la kiatu.

Alichomwa antibayotiki kwenye mshipa mchana huo huo, mara tu baada ya maji kutolewa na damu yake nayo kuchukuliwa ya kuotesha, na jioni akaingizwa chumba cha upasuaji goti likaoshwa. Dawa bila kutoa usaha haitoshi. Ama goti huoshwa, ama hunyonywa kila siku mpaka likauke. Alikaa na dawa za mshipani kwa wiki mbili, kisha vidonge, jumla wiki sita. Mwezi wa tatu alikuwa anakunja goti karibu lote. Lau angepewa prednisoloni peke yake Jumatatu ile, angejisikia vizuri hadi Jumatano, na hapo ndipo pangekuwa pabaya.

Upande wa pili wa sarafu ni kijana wa bodaboda wa kituo cha Usalama, miaka 34, naye wa mfano. Kifundo cha mguu kimevimba baada ya harusi ya Jumamosi, yuriki asidi 5.6, kwa hiyo mtaani wamemwambia siyo gauti na wamempa antibayotiki za aina mbili. Maji ya kifundo: chembe 18,000, fuwele tele, rangi ya Gram haina kitu, kuotesha hakukutoa kitu. Ilikuwa gauti tangu mwanzo. Alipopimwa damu tena mwezi mmoja baadaye, yuriki asidi ilikuwa 8.7.

Kwa mkazi wa Magomeni, haya yanageuka kuwa maamuzi machache ya asubuhi moja. Kituo cha afya cha Magomeni ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu kiko jirani na kinaweza kukuandikia rufaa. Ukifika, sema wazi "kiungo kimoja, kimevimba ghafla, ni cha moto", usianze kwa kusema una gauti, kwa maana neno hilo litakupeleka foleni ya kusubiri. Rufaa ya kawaida kwa Kinondoni ni Hospitali ya Mwananyamala. Juu yake ipo Muhimbili, ambako ndani ya eneo hilo hilo la Upanga kuna Taasisi ya Mifupa, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, na huko ndiko mara nyingi hupelekwa kiungo kinachohitaji kuoshwa. Wakati wa masika zingatia njia: Msimbazi ukifurika na Jangwani ikafungwa, mwendokasi husimama na Upanga inakuwa mbali ghafla, wakati Mwananyamala bado inafikika kwa Barabara ya Kawawa.

Kabla ya kufika, jambo moja lina uzito kuliko mengine yote: usimeze antibayotiki. Vidonge viwili vitatu vya azuma au ampiklosi haviwezi kuuponya usaha wa goti, lakini vinaweza kuwadhoofisha bakteria kiasi kwamba wasiote maabara, na hapo daktari anabaki kutibu kwa kubahatisha wiki sita. Kama umeshameza, usifiche. Taja jina la dawa na saa uliyoimeza. Maji bado yatatolewa, kwa sababu chembe na fuwele bado zitasema ukweli wake. Dawa ya maumivu kama parasetamoo haina ubaya. Sindano ya steroidi ndani ya goti, ambayo baadhi ya watu hupewa kwa jina la "sindano ya gauti", isiingie kabisa kabla maji hayajapimwa.

Na kiungo hicho kisichuliwe, kisipigwe hijama wala chale. Sina ugomvi na wachuaji. Mgongo uliochoka una haki zake. Lakini kukata ngozi juu ya kiungo kilichovimba ni kuwafungulia bakteria mlango, na kukikanda kwa nguvu huongeza maumivu bila kugusa chanzo. Mguu mmoja ukivimba ghafla, wapo pia watakaosema umekanyaga kitu cha mtu. Waache waseme, ilimradi maji yawe yamefika maabara kwanza.

Si kila kidole gumba kinachohitaji sindano. Mwanaume wa makamo, hana sukari wala homa, hana kidonda, na kidole gumba cha mguu kimevimba usiku kama kilivyovimba mara mbili tatu huko nyuma kikapona: daktari anaweza kumtibu gauti bila kutoa maji, na atakuwa sahihi. Sindano ni ya kiungo cha mara ya kwanza, cha goti na viungo vikubwa, na cha mtu mwenye sukari, virusi vya Ukimwi, ugonjwa wa figo au uzee mkubwa. Kijana aliyevimba kiwiko au kifundo cha mkono, hasa kama maumivu yalihamahama kabla ya kutua, apimwe pia kisonono, asione haya. Uvimbe uliokuja taratibu kwa wiki nyingi, usio wa moto sana, huleta hofu ya kifua kikuu cha kiungo, na maji yake yaandikiwe kipimo hicho mahususi.

Watoto nawaweka peke yao. Nyonga ya mtoto imefichika, haionekani ikivimba. Unachokiona ni mtoto aliyekataa kukanyaga mguu na analia ukimbadilisha nguo. Huyo hasubiri kesho. Na mtoto mwenye selimundu akivimba kiungo, ni kweli mara nyingi ni maumivu ya selimundu yenyewe, lakini ugonjwa huo humweka kwenye hatari ya bakteria wa salmonela kwenye mifupa na viungo, kwa hiyo mazoea ya nyumbani ya kumpa dawa ya maumivu na maji mengi yasimcheleweshe akiwa na kiungo kimoja cha moto.

Ikithibitika ni gauti tupu, tiba ya shambulio ni nafuu na ya siku chache: dawa za jamii ya diklofenaki kwa mwenye figo na tumbo zima, kolkisini kwa dozi ndogo, au prednisoloni ya siku tano hivi, ambayo mwenye sukari aitumie akijipima. Halafu yaangaliwe yaliyopandisha yuriki asidi. Bia, maini na figo zina sehemu yake, ila tunazisema mno kuliko vidonge. Haidroklorothiazaidi hupandisha yuriki asidi, na presha inaweza kutibiwa kwa dawa nyingine. Losatani, kwa mfano, huishusha yuriki asidi kidogo. Pirazinamidi, inayotumika miezi miwili ya mwanzo ya tiba ya kifua kikuu, nayo huipandisha sana. Dawa hizi zote usiziache mwenyewe. Aliyekuandikia ndiye wa kuambiwa.

Ikiwa ni usaha, kazi ya mwisho ni ya ndugu. Majibu ya kuotesha hutoka kati ya siku ya pili na ya tano, wakati mgonjwa ameshaanza kucheka na pengine ameomba ruhusa. Yafuateni maabara wenyewe na mhakikishe yamebandikwa kwenye faili, kwa sababu hayo ndiyo yanayomwambia daktari dawa gani bakteria huyo anaisikia, na ndiyo yanayoamua mgonjwa atumie nini hadi wiki ya sita.